Kamati ya maadili imenirudishia ombi: ahadi zangu tatu zinagongana wapi?

MwalimuWaChaki

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya umma huku Embakasi, na jioni nasomea uzamili. Utafiti wangu unahusu usomaji wa Kiswahili kwa watoto wa gredi ya 5 katika shule mbili: ninapofundisha, darasa lina watoto 52, na shule ndogo ya kibinafsi iliyo jirani, watoto 22. Nitawapa jaribio la kusoma Februari, wakae na vitabu vya hadithi kwa miezi kadhaa, kisha niwapime tena Julai. Watoto 10 nitawahoji na kuwarekodi kwa simu.

Ombi limerudi. Sikukataliwa, nimeambiwa nirekebishe. Maoni makubwa ni sentensi moja tu: "Mtafiti aeleze jinsi ahadi tatu za ukurasa wa 9 zinavyoweza kutimizwa kwa pamoja." Ukurasa huo nimeandika hivi:

"Data itakusanywa bila majina na hakuna mtu, hata mtafiti, atakayejua ni ya mtoto gani. Alama za kila mtoto za Februari zitalinganishwa na zake za Julai. Mzazi anaweza kumtoa mtoto wake wakati wowote na data yake itafutwa."

Nimeisoma mara kumi sioni kosa. Bila cheti cha kamati siwezi kuomba leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, na bila leseni ofisi ya elimu ya kaunti hainipi barua ya kuingia ile shule ya pili. Nisaidieni.

KakaDonholm

Niaje mwalimu. Hao wanakuzungusha tu. Futa ule mstari wa kujitoa, kesi imeisha. Na usijisumbue na fomu 74 za wazazi, hazirudi, nimeona mwenyewe. Mwalimu mkuu ndiye mzazi mtoto akiwa shuleni. Akiweka sahihi na muhuri, umemaliza. Ukitaka usalama zaidi, tuma barua nyumbani useme asiyejibu ndani ya siku 7 amekubali.

Bi_Karani

Mwalimu, niliwahi kuwa katibu wa kamati kama hiyo kwa miaka kadhaa. Hawakuzungushi. Chukua mtoto mmoja, tumwite Achieng. Februari amepata 14, Julai amepata 21. Umejuaje kwamba karatasi hizo mbili ni zake? Lazima mahali fulani pawe na kitu kinachosema Achieng ni nambari 37. Kitu hicho kikiwepo, basi wewe unamjua, na sentensi yako ya kwanza si kweli. Kisipokuwepo, huwezi kulinganisha, na mama yake akija Mei kusema "mtoeni mwanangu", hutajua ufute karatasi ipi. Ndiyo maana wamesema ahadi tatu.

Usifute haki ya kujitoa kama alivyokushauri ndugu yetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 32, inampa aliyeridhia haki ya kuondoa ridhaa yake. Kinachofutwa ni ile sentensi ya kwanza. Sema ukweli: karatasi za majaribio zitakuwa na nambari badala ya majina, orodha moja inayounganisha jina na nambari itakuwepo, itashikwa na wewe peke yako, na itaharibiwa tarehe fulani. Tarehe hiyo ndiyo inayojibu swali la kujitoa. Kabla yake mzazi akisema, unafuta. Baada yake huwezi tena, na fomu ya ridhaa iseme hivyo waziwazi, kwa mfano: "Unaweza kumtoa mtoto wakati wowote. Ukitaka pia majibu yake yafutwe, tuambie kabla ya tarehe 31 Agosti. Baada ya hapo hatutaweza kujua yapi ni yake."

KakaDonholm

Sawa, hapo umenishinda. Lakini suala la mwalimu mkuu bado nashikilia.

Bi_Karani

Una nusu ya haki. Mwalimu mkuu ni lazima, lakini anachotoa ni ruhusa ya kuingia darasani. Hawezi kutoa data ya mtoto. Kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na juu ya hapo kazi yenyewe ilinde maslahi ya mtoto. Nayo mbinu ya siku 7 inafia kwenye maana ya ridhaa: sheria inataka iwe ya wazi, mtu aitoe mwenyewe. Barua iliyobaki chini ya begi la mtoto haijatoa chochote. Tena anayepaswa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa ni wewe uliyechukua data.

Kuhusu fomu kutorudi, hapo umesema kweli tupu. Mwalimu, panga kupoteza watu na uiandikie kamati. Kama fomu 40 zitarudi kati ya 74, utafiti utafanyika na 40. Wengi hawarudishi kwa sababu fomu ina kurasa nne za Kiingereza cha mawakili. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na omba dakika kumi kwenye mkutano wa wazazi. Kuna atakayekuja nyanya badala ya mama, na kuna asiyesoma. Msomee mbele ya shahidi ambaye si mwalimu wa shule hiyo, aweke alama ya kidole.

Mtu_wa_Ruaka

Samahani naingilia. Mimi nilihoji walimu, si watoto, lakini nilipata funzo. Nilirekodi kwa simu, simu ikaibwa kwenye matatu. Nikajipa moyo kwamba ina nywila. Kumbe nakala za sauti zote zilikuwa zimejipandisha zenyewe kwenye Google Drive, na akaunti hiyo ilikuwa wazi kwenye tableti ya nyumbani ambayo wanangu huchezea. Ombi langu lilisema "data itahifadhiwa kwenye kompyuta yenye nenosiri". Haikuwa hata kwenye kompyuta!

MwalimuWaChaki

Uuuwi. Na mimi nimeandika sentensi hiyohiyo neno kwa neno.

Bi_Karani

Kila mtu huiandika. Kamati inataka kujua safari: sauti inazaliwa kwenye kifaa gani, inahamia wapi, siku gani, na inafutwa lini pale ilipotoka. Kwako ningeandika hivi. Kifaa cha kurekodi kisicho na intaneti, azima chuoni wakikuwa nacho. Ikibidi simu, izimwe upakiaji wa kujiendesha kabla ya kuingia shuleni. Jioni ileile sauti inahamishwa kwenye folda iliyofungwa kwa nenosiri na kufutwa kwenye kifaa. Ukishaandika mazungumzo na kuyahakiki, futa sauti, maana sauti ya mtoto ni utambulisho wake hata usipotaja jina. Na watoto hutaja majina bila kuulizwa: "Brayo ndiye huniibia penseli." Brayo naye hakutia ridhaa. Mwondoe wakati wa kuandika.

Ile orodha ya majina na nambari isikae kwenye folda moja na alama. Ningeiweka kwenye karatasi, kabatini, chini ya kufuli. Ya karatasi haijipandishi popote.

NjooTusome

Kama ni maadili tu, pitisha kazi yako kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi, ikiwa chini ya asilimia inayotakiwa watakupitisha.

MwalimuWaChaki

Asante, lakini hiyo ni tasnifu ikishaisha. Hii ni ruhusa ya kuwaendea watoto.

Bi Karani, swali la kijinga. Fomu za ridhaa zenyewe zina jina la mtoto. Nilipanga kuandika nambari yake pembeni ili nisichanganyikiwe.

Bi_Karani

Si la kijinga, ndilo linalowaangusha wengi. Ukiandika nambari kwenye fomu, umetengeneza orodha ya pili. Agosti utachoma ile ya kwanza kwa mbwembwe, na ya pili itabaki ofisini kwa miaka yote ambayo chuo kinataka fomu zihifadhiwe. Fomu zibaki na majina bila nambari.

Daktari_Mstaafu

Hapo napingana nawe kidogo, Bi Karani. Mkaguzi akija mwaka ujao na kuuliza kama rekodi nambari 37 ina ridhaa, atathibitishaje? Mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu waache nambari kwenye fomu na kuzifungia mbali.

Bi_Karani

Basi, Daktari, wasiahidi kwamba hatimaye hakuna atakayejua. Wachague moja. Mimi ningehesabu: fomu 40, rekodi 40, msimamizi aweke sahihi kwamba amekagua kabla ya orodha kuharibiwa. Najua kamati nyingine zingekubali njia yako.

Daktari_Mstaafu

Nakubali kwamba ni kuchagua. Mwalimu, soma kanuni za chuo chako kabla ya kutuamini sisi wawili. Ila nitazame jambo jingine. Shule yako ndogo ina watoto 22. Ukiweka jedwali lenye shule, jinsia na umri, kutakuwa na kisanduku chenye mtoto mmoja. Mvulana wa miaka 14 aliye gredi ya 5, shule nzima inamjua, na sasa alama yake iko hapo. Umri weka kwa makundi, au usiutenganishe kwa shule. Pia nimeona tasnifu inayosema "Shule B" kurasa zote 120, halafu kwenye shukrani inamtaja mwalimu mkuu kwa jina, na kwenye viambatisho kuna barua ya kaunti yenye jina la shule.

Bi_Karani

Ha! Hiyo ya viambatisho nimeiona mara ngapi. Fukia jina kabla ya kuchapisha.

Mwalimu, ulisema unafundisha katika shule mojawapo. Darasa hilohilo?

MwalimuWaChaki

Hapana, mimi niko gredi ya 7. Ila wananijua, naitwa tu "ticha".

Bi_Karani

Basi mtoto akiulizwa na ticha "unakubali?" atasema ndiyo. Mtu mwingine awaulize, mmoja mmoja, mzazi akisharidhia, na mtoto akisema hapana iwe hapana hata kama fomu ya mama imesainiwa. Siku ya jaribio wote wasome hadithi ileile. Karatasi za wasioshiriki zibaki kwa mwalimu wao wa darasa, usizione. Ukiwatoa nje, kila mtu atajua nani alikataa.

Na usimwambie mtoto "tutakayozungumza ni siri yetu". Akikueleza kwamba anapigwa nyumbani utafanyaje? Mwambie mapema kwamba akisema jambo linaloonyesha yuko hatarini, utamwambia mtu anayeweza kusaidia, na kwenye ombi taja ni nani: mwalimu wa ushauri nasaha, afisa wa watoto, simu ya 116.

MwalimuWaChaki

Nimeandika upya ukurasa wa 9: "Karatasi za majaribio zitabeba nambari. Orodha ya majina na nambari itashikwa na mtafiti pekee, kabatini, na kuharibiwa tarehe 31 Agosti mbele ya msimamizi. Hadi siku hiyo mzazi anaweza kuomba majibu ya mtoto yafutwe." Nimeirekebisha fomu ya mzazi pia. Fomu ya mtoto haikuwa na shida, nimeiacha. Inasema tu "Unaweza kuacha wakati wowote, na hakuna atakayejua majibu yako."

Bi_Karani

Soma tena maneno manne ya mwisho.

MwalimuWaChaki

Aaah. Narudi kwenye kompyuta.