Dereva wa hesabu ya kila siku: ni mwajiriwa au amekodi gari?

Wa Mtwapa anauliza:
Nimeendesha matatu ya mtu miaka minne, Mtwapa hadi Posta, Mombasa. Kila siku nampelekea tajiri 4,000, mafuta juu yangu, makanga juu yangu, kinachobaki changu. Ijumaa usiku kanipigia: "Kesho usije, nimempa mwingine." Basi. Nikimwambia anilipe haki yangu asema hakuniajiri, nilikuwa nimekodi gari. Je, mimi ni mwajiriwa au si mwajiriwa?

Tajiri wa Gari Moja:
Ndugu yangu, pole, lakini tusidanganyane. Mwajiriwa hulipwa mshahara. Wewe ulikuwa unamlipa yeye! Mimi nina Nissan moja, mkopo wa benki haujaisha, bima kila mwezi, tairi mimi, breki mimi. Niliwahi kujaribu mshahara. Mwezi wa kwanza gari likaleta pesa nzuri, wa pili zikapungua, wa tatu naambiwa abiria wamehama barabara. Nikipanda mwenyewe, limejaa. Siku niliyoweka hesabu ya kudumu, ndiyo siku niliyolala usingizi.

Manamba wa Buxton:
Haya waziri Michuki alishayamaliza 2004. Kanuni zake zilisema dereva na makanga waajiriwe kwa kudumu, walipwe kwa mwezi. Na kanuni za mamlaka ya usafiri, NTSA, za 2014 nazo zikataka mikataba ya maandishi. Kwa hivyo umeajiriwa, nenda kortini uchukue pesa zako. Hakuna mjadala hapa.

Karani Mstaafu:
Mjadala upo, mwanangu. Nimekaa ofisi ya wakili miaka mingi nikiandika kesi za madereva, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kanuni ulizotaja zinamfunga mwenye gari kwa sababu ya leseni. Zinasema alivyopaswa kufanya. Hakimu atakuuliza mlivyofanya.

Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaja mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Wakili wa tajiri atasimama hapo hapo: mwajiriwa gani humpelekea mwajiri pesa kila jioni? Taarifa yako ya M-Pesa itaonyesha 4,000 zikitoka kwako kwenda kwake miaka minne, na kwa macho ya mgeni hiyo ni kodi. Vijana hukimbilia taarifa hiyo wakidhani ndiyo ushahidi wao, kumbe peke yake yaweza kumsaidia yeye.

Lakini mahakama haiishii kwenye jina mlilozipa pesa. Huangalia nani alikuwa na amri. Nani aliamua gari litoke saa ngapi, lipite njia gani, lilale wapi? Ungeweza kukataa siku tatu ukapumzika na kesho yake ukalikuta gari lako? Makanga ulimchagua wewe au uliletewa? Wa Mtwapa, tueleze siku yako moja, kwa hesabu.

Wa Mtwapa:
Siku nzuri naweza kukusanya 11,200. Mafuta 4,300, tajiri 4,000, makanga 1,000, steji na sako 400. Nabaki na 1,500. Siku ya mvua, Kongowea imefunga, nakusanya 8,600. Mafuta 4,000, tajiri 4,000 zake zile zile, steji 400. Zabaki mia mbili, mimi na makanga tunatazamana. Nikipungukiwa, tajiri anaandika deni kwenye daftari, na wiki ijayo yuwalidai.

Njia ilikuwa ya sako. Gari lilikuwa lazima liwe uani kwake saa tatu usiku. Makanga ni mpwa wake. Siku moja nilimpeleka mgonjwa nje ya njia, alinipigia kelele mpaka asubuhi.

Karani Mstaafu:
Hapo umeongea. Mtu aliyekodi kitu hapigiwi kelele alikokipeleka maadamu kodi imelipwa. Na mpwa wake kukaa mlangoni akihesabu abiria, huyo ni jicho la tajiri. Ila lile daftari la deni laweza kukuumiza: laonyesha hasara ya siku ilikuwa yako, kama ya mfanyabiashara. Usilifiche, maana atalileta yeye.

Lipa Pole Pole:
Mimi nina tuktuk, nalipa 900 kwa siku, na baada ya miezi kumi na minane ni yangu. Basi mimi pia nimeajiriwa? Naomba likizo!

Manamba wa Buxton:
Wewe unanunua, kaka. Swali si lako.

Mke wa Dereva:
Naomba niseme langu. Mume wangu alivunjika mguu gari lilipopata ajali Nyali, yeye akiwa kwenye usukani, kwa hesabu hii hii mnayoisema. Abiria walilipwa na bima. Yeye alipodai, wa bima akasema: wewe ni mfanyakazi wa mwenye gari, bima hii haikuhusu. Tukaenda kwa tajiri, akasema: huyu si mfanyakazi wangu. Mtu mmoja, mguu mmoja, kakataliwa na wote wawili.

Karani Mstaafu:
Dada, pole sana. Hilo ndilo tundu kubwa katika jambo hili. Bima ya lazima ya barabarani inawalinda abiria na watu wengine. Sheria haimlazimishi mwenye gari kumwekea humo mfanyakazi wake anayeumia kazini. Huyo ana sheria yake ya fidia ya majeraha kazini, nayo inamtaka mwajiri awe na bima nyingine kabisa. Wenye magari wengi hawana hiyo.

Ila tazama: kwa abiria, tajiri alikubali dereva alikuwa akiendesha kwa niaba yake, ndiyo maana bima yake ikalipa. Hilo peke yake halimfanyi mume wako mwajiriwa, kwa sababu mtu aweza kuendesha kwa niaba yako bila kuajiriwa nawe. Lakini lamtia tajiri mahali pabaya pa kujieleza. Barua ya kampuni ya bima inayomwita mfanyakazi mnayo? Ipelekeni ofisi ya kazi. Dai la fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hivyo msikae.

Tajiri wa Gari Moja:
Sawa, la ajali nakubali lina utata. Lakini muulizeni Wa Mtwapa kuhusu skwodi. Alipochoka alimpa nani gari?

Wa Mtwapa:
Ijumaa nilikuwa nampa kijana mmoja, nikimlipa mimi. Tajiri alimjua. Hakuwahi kusema kitu.

Karani Mstaafu:
Mmh. Hilo litakuuma. Mwajiriwa hufanya kazi yake mwenyewe. Ukiweza kumkabidhi mwingine na ukamlipa, unafanana na mwenye biashara. Kama tajiri ndiye aliyemkubali kijana yule kwanza, jeraha linapungua, lakini halifutiki. Mimi nimeona watu wenye kesi kama yako wakishinda, na wengine wakishindwa kwa jambo hili tu.

Manamba wa Buxton:
Lakini mzee, si sheria yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na wa kuuandika ni mwajiri? Hakuuandika, basi shauri yake.

Karani Mstaafu:
Yasema hivyo, na mzozo ukizuka ni yeye wa kuthibitisha masharti. Lakini mlango huo hufunguka ukishaonyesha kulikuwa na ajira. Ndio maana nauliza mambo madogo. Wa Mtwapa, gari likiwa gereji ulikula nini?

Wa Mtwapa:
Giaboksi ilipokufa gari lilikaa siku tisa. Hesabu sikuleta. Alinitumia mia tano kila siku.

Karani Mstaafu:
Kwa M-Pesa?

Wa Mtwapa:
Ndiyo. Simu ile ilianguka majini Likoni, lakini laini ni hii hii.

Karani Mstaafu:
Basi Jumatatu kachukue taarifa ya siku hizo tisa. Miaka minne pesa zimetoka kwako kwenda kwake. Hizo ndizo zilizorudi, na huku hufanyi safari hata moja.

Tajiri wa Gari Moja:
Mia tano ile ilikuwa ubinadamu, mzee. Haikuwa mshahara.