Naomba ushauri: swali la dodoso kuhusu uanikaji wa dagaa, Igombe

Mdau_wa_Mwaloni: Wakuu, salaam. Nafanya utafiti wa shahada kwa kina mama wanaoanika dagaa mwalo wa Igombe. Bado hatujahoji mtu. Swali hili msimamizi kalizungushia wino mwekundu: "Je, unakubaliana kwamba kuanika dagaa kwenye vichanja ni bora na kunaongeza kipato kuliko kuanika mchangani?" Nilirekebisheje?

Nyanza_Boy: Tatizo ni hiyo "na". Kila unapoikuta, gawa swali. Kisha weka "nakubali kabisa" mpaka "sikubali kabisa", kazi imeisha.

Bi_Takwimu: Nyanza, kugawa umepatia. Kuna mama anaona dagaa wa kichanjani hawana mchanga, lakini mchuuzi anamlipa bei ileile. Hapo "ndiyo" si jibu lake, "hapana" si jibu lake. Ila maswali mawili hujificha hata pasipo "na". "Uliacha kuanika mchangani kwa sababu ya mvua?" Aliyeacha kwa sababu nyingine atajibu nini? Na ambaye hajaacha?

Hizo ngazi za kukubali haziponyi kitu. Mgeni kaja na karatasi, neno "bora" limeshatajwa, mama ataitikia kwa heshima tu. Mdau, uliza alichofanya: "Mara ya mwisho ulipoanika dagaa, uliwaanika wapi?" Kisha: "Hao dagaa uliuza debe shilingi ngapi?" Aliyewahi kuuza wa aina zote mbili ndiye umuulize: "Wenye bei kubwa ni wa kichanjani, wa mchangani, au bei ni moja?" Andika pia kama ilikuwa giza au mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa huadimika na bei hupanda, usije ukadhani ni kichanja.

Mama_Vizimba: Sisi tuliwauliza wafugaji wa sato, "Unaridhika na bei na ubora wa chakula cha samaki?" Wengi wakasema hapana. Ripoti niandike bei ndiyo mbaya?

Bi_Takwimu: Hapana dada, hiyo "hapana" yao huwezi kuipasua tena. Warudie hata wachache, uulize bei peke yake na ubora peke yake.

Mdau_wa_Mwaloni: Shukrani. Wasaili wangu wataongea Kisukuma na wazee. Nitajuaje maswali yanaeleweka?

Bi_Takwimu: Kisukuma kiandikwe kabisa kwenye dodoso. Ukiwaachia watafsiri papo hapo, mmoja atauliza "si kichanja ni bora?" na kazi yote imerudi nyuma. Halafu nenda mwalo wa Kayenze kwa kina mama wachache wasio kwenye sampuli yako. Msomee swali, kabla hajajibu mwambie, "Mama, umeelewa nimekuuliza nini?" Akikutajia mambo mawili, swali bado.

Nyanza_Boy: Hiyo "bei ni moja" mimi ningeitoa. Mtu asiyetaka kufikiri atakimbilia hapo.

Bi_Takwimu: Wapo wanaokimbilia, kweli. Lakini ukiitoa, yule ambaye kwake bei ni moja kweli unamlazimisha kuchagua uongo.

Mdau_wa_Mwaloni: Basi Kayenze nusu nitawasomea swali lenye "bei ni moja", nusu lisilo nayo. Nitaleta majibu hapa.