Shairi langu la njaa haligusi mtu, nimekosea wapi?

Ngarawa: Wakuu naombeni ushauri. Pale napokulaga mchana kuna dogo kama wa miaka 9 hivi, anakaa pembeni ya mama ntilie anasubiri ukoko, juzi haukubaki akapewa maji tu, akanywa akaondoka. Imenikaa kichwani nikaandika shairi, mizani 16, vina vimekaa, ila kila nayemsomea anasema "zuri" halafu anarudi kwenye simu yake. Linaanza hivi:

Njaa dubwana katili, lanitafuna maini,
Dunia bahari kali, nazama mie kinani.

Mtaa_wa_Pili: Achana na vina mkuu, ndo vinakubana. Mshairi Kezilahabi alishaviacha kwenye diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, andika huru tu.

Bi Mkubwa: Aliviacha kweli mwanangu, lakini pia alitaka lugha ya kawaida, ile watu wanayoongea kila siku, na hivyo ni vitu viwili. Ngarawa, habari ya dogo umeisimulia kwa sentensi moja ikaniuma, nikafika kwenye ubeti dogo hayupo. Nikisikia dubwana nawaza dubwana, njaa nshaisahau. Na naona yalikotoka, ulitaka kina cha "li" ukashika katili, ukatafuta kali, bahari ikaingizwa ili kali ipate pa kukaa. Rudisha ulivyoviona kwa macho, mizani ibaki ileile:

Nilisubiri ukoko, mama akanipa maji,
Ameshauosha mwiko, kesho atauhitaji.

Hakuna neno njaa humo wala huruma. Mama si mbaya, anaandaa mwiko wake wa kesho, ni msomaji mwenyewe anayebaki anawaza kesho ya dogo. Ukiongeza tu "masikini nateseka" umeliua, japo nayo ni maneno mepesi.

Chapa Mguu: Huyo dogo yuko wapi nimpelekee chakula?

Tandu: Me nimekulia stendi. Hatukuwahi kusema njaa inatutafuna, tulikuwa tunasema leo pasi ndefu, yani unakaa mpaka jioni ndo unakula mara moja. Na ule ukoko ulioungua ni mchungu, tulikuwa tunauloweka kwanza ndo unalika. Weka pasi ndefu humo, hayo ndo maneno yetu.

Bi Mkubwa: Kuloweka ukoko, hilo liingie kabisa! Pasi ndefu nasita, mtu wa Lamu au Bukavu itabidi aelezwe kwanza, na akishasimama kuelezwa dogo atakuwa ameshamtoka.

Tandu: Sawa mama, ila shairi ni la dogo au la mtu wa Lamu?

Mtaa_wa_Pili: Bado nasema vina vinabana.

Ngarawa: Nimemsomea mama ntilie mwenyewe leo ile mistari miwili ya Bi Mkubwa. Hajasema zuri. Kakaa kimya kidogo halafu kauliza, kwani siku ile alikuwa hajala tangu asubuhi?