Picha moja, simu mbili, rangi mbili: nirekebishe simu, nihariri picha au nibadili njia ya kutuma?

Mshonaji: Wadau, nimepiga picha gauni la damu ya mzee. Kwenye Samsung yangu linawaka kama jekundu, kwenye iPhone ya mdogo wangu limepoa, linaelekea kahawia. Nilimtumia kwa WhatsApp. Nishike njia ipi?

Kijana Mpole: WhatsApp hiyo, inabana picha mpaka inaharibika. Tuma kama Document, kazi imeisha.

Kioo Safi: Nusu umepatia. Kubanwa kunakula mishono na nyuzi, ukikuza picha unaona vimiraba. Ila rangi kuhama kiasi hicho, mara nyingi ni kioo. Document itume, ili uwe na uhakika faili ni lile lile, ukubwa uleule pande zote mbili. Kisha kwenye Samsung fungua Settings > Display > Screen mode. Ukikuta Vivid, kioo kinakoleza rangi makusudi; weka Natural. Kwenye iPhone, zima True Tone na Night Shift. True Tone inafuata mwanga wa chumba, kwa hiyo chini ya taa ya njano kioo nacho kinaingia unjano.

Mama Pacha: Yangu selfi inanigeuza, kidoti cha kulia kinahamia kushoto. Ni haya haya?

Kioo Safi: Hapana dada, hiyo ni kamera ya mbele kugeuza picha kama kioo cha kujitazamia. Rangi haihusiki.

Mshonaji: Nimetuma kama Document, ukubwa umelingana, rangi bado zilipishana. Kumbe Vivid ilikuwa imewashwa. Nimeweka Natural, True Tone nimezima, mwangaza nimeulinganisha kwa mkono. Zimekaribiana sana, iPhone imebaki na unjano kidogo tu. Nilitaka kuwawekea hapa picha za skrini za mwanzo mlinganishe, lakini zote mbili zinaonekana sawa!

Kioo Safi: Lazima. Picha ya skrini inabeba rangi kabla kioo hakijazigeuza. Tofauti hiyo huioni mpaka simu ziwe bega kwa bega.

Kijana Mpole: Si angehariri tu apunguze wekundu?

Kioo Safi: Akihariri huku Vivid imewashwa, anapunguza wekundu usiokuwemo kwenye faili. Kwa wengine gauni litaonekana limepauka. Kwanza Natural, halafu aweke gauni lenyewe karibu na dirisha, simu kando yake, ndipo aguse rangi.

Mshonaji: Nimefanya hivyo. Hata kwenye Natural, picha ni nyekundu kuliko kitambaa.

Kioo Safi: Hapo kamera ilikosea kukisia mwanga. Kama ulipigia chini ya taa, rudia mchana, kivulini.

Mama Pacha: Sawa, lakini wateja wake wenye Vivid je? Atawafuata mmoja mmoja?

Kioo Safi: Hao hatuwawezi. Mimi ningewaandikia rangi kwa maneno chini ya picha.

Kijana Mpole: Mimi ningepiga gauni pamoja na karatasi nyeupe, kila mtu apate cha kulinganishia.

Kioo Safi: Karatasi itawaonyesha kama kioo kimeingia unjano. Vivid haigusi nyeupe kiasi hicho, inakoleza nyekundu yenyewe.