Je, ni mashine ya kuchapa iliyomwokoa Luther?

Swali: "Mhubiri Mcheki Jan Hus alichomwa moto mjini Konstanz mwaka 1415 kwa kulipinga Kanisa, ilhali Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyelipinga pia, alinusurika karne moja baadaye. Je, tofauti yao ilikuwa mashine ya kuchapa tu?"

Mwanafunzi wa theolojia: Naamini hivyo. Hoja 95 za Luther za mwaka 1517 zilichapwa Nuremberg, Leipzig na Basel, wakulima wakazisoma na kuacha kununua vyeti vya rehema, yaani hati za Kanisa za kuondolewa adhabu ya dhambi.

Mwalimu wa historia: Miji umeitaja sawasawa, mwanangu, ila wakulima hawakuzisoma, kwa kuwa hoja hizo ziliandikwa kwa Kilatini kwa ajili ya mdahalo wa wasomi. Kilichowafikia watu wa kawaida ni hotuba fupi ya Kijerumani kuhusu rehema na neema, ambayo Luther aliitoa mwaka 1518 na ambayo wasiojua kusoma walisomewa kwa sauti.

Mchapaji: Nimefanya kazi hii miaka mingi, na ninachokiona hapo ni hesabu ya karatasi. Karatasi moja kubwa ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara mbili hutoa kurasa 8, na hotuba hiyo ilitoshea humo. Biblia ilifunga mtaji wa mchapaji kwa miezi mingi, lakini kijitabu cha namna hiyo kilikamilika upesi, kikauzwa kwa bei nafuu, na mchapaji wa mji mwingine akakichapa upya bila kumwomba mtu ruhusa.

Muumini Mkatoliki: Tusisahau kwamba Kanisa lilitangulia kuitumia mashine hiyo. Vyeti vya rehema vyenyewe vilichapwa kwa herufi za chuma tangu mwaka 1454. Mashine haikuwa na upande.

Mwalimu wa historia: Ni kweli, ndugu yangu, na ndiyo maana kisa cha Leipzig hunigusa sana. Mtawala wake, George wa Saksonia, aliyapiga marufuku maandishi ya Luther. Mwaka 1524 wachapaji walilalamika kupitia baraza la mji kwamba wanakosa riziki, kwani vitabu vya upande wa Kanisa, walivyoruhusiwa kuvichapa, havikupata wanunuzi. Mashine, wino na mafundi vilikuwepo. Waliokosekana ni wasomaji. Kwa hiyo siwezi kuipa mashine sifa yote. Hus aliahidiwa usalama na Mfalme Sigismund na bado akauawa, lakini Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg mwaka 1521 na Frederick, mtawala wake mwenyewe.

Mwanafunzi wa theolojia: Nakubali kuhusu Kilatini, Mwalimu, lakini hapo sijaridhika. Je, Frederick angejitia hatarini kwa ajili ya mtawa wa mji mdogo wa Wittenberg, kama vijitabu havikuwa vimekwisha kulieneza jina lake Ujerumani nzima?