Ombre na balayaji kwenye nywele nyeusi: Gradient Map au brashi?

kisa_posta
Wakuu habari za jioni. Nina kazi ya bango la saluni. Wanataka nywele za modeli zionekane ombre kwenye picha moja na balayaji kwenye nyingine, kisha rangi zibadilishwe badilishwe wachague. Jamaa mmoja kaniambia nitumie Gradient Map niiklipu kwenye nywele tu. Mwingine anasema achana nayo, chukua brashi upake. Ipi bora? Halafu nipo njia panda, nilipie Photoshop ya mwezi au nibaki na Photopea? Kazi inatakiwa Ijumaa.

MzeeWaLeya
Hapo bado hujatueleza kitu. Nywele za modeli ni nyeusi au zimeshapakwa dawa? Ni za kunyooka, ni afro, ni rasta? Picha umepewa na mpiga picha au imepita WhatsApp? Nyuma yake kuna nini? Bila hayo kila mtu atakujibu kwa picha iliyo kichwani mwake.

Chalii_wa_Ngarenaro
Mbona rahisi hiyo. Kata nywele, weka Gradient Map juu, iklipu, halafu chagua nyeusi kwenda dhahabu. Nyeusi inakaa kwenye mizizi, dhahabu inashuka kwenye ncha. Dakika tano umemaliza.

MzeeWaLeya
@Chalii hapana. Gradient Map haijui juu wala chini. Inaangalia mwanga wa kila pikseli tu: penye giza inaweka rangi ya kushoto, penye mwanga inaweka rangi ya kulia. Mizizi ikipigwa na taa utosini, dhahabu itakaa utosini na ncha zilizo kivulini zitabaki nyeusi. Ombre kichwa chini miguu juu. Unayoisema wewe ni Gradient Fill, hiyo ndiyo inakwenda kwa mahali.

Chalii_wa_Ngarenaro
Sawa, basi Gradient Fill. Iklipu, weka Soft Light, matokeo yale yale. Mimi nimefanya na mteja kalipa.

MzeeWaLeya
Kwenye nywele zipi? Kama zilikuwa kahawia au zimeshabliichiwa, nakubali, inatoka vizuri na ni haraka. Kwenye nyeusi Soft Light hainyanyui chochote cha maana, utaishia kuongeza kichefuchefu cha wekundu gizani.

mama_Nasra_saluni
Samahani naingilia. Nywele zenye dawa ya kulainisha msizipeleke blondi kwa mara moja, zitakatika. Bliichi kwanza ipande taratibu, zipumzike, ndipo rangi. Wateja wanaletewa picha kama hizo halafu wanataka vitoke kwa siku moja.

kisa_posta
Mama ahsante, ila ni picha tu, hatugusi nywele za mtu 😀
@MzeeWaLeya nywele ni nyeusi kabisa, wivingi ya kunyooka hadi kifuani. Ukuta nyuma ni mweupe. Picha nimetumiwa WhatsApp.

MzeeWaLeya
Sasa tunaongea. Kwanza omba picha hiyo upya, itumwe kama faili na si kama picha. Nitakwambia sababu.

Fungua histogramu ukiwa umechagua nywele tu. Nywele nyeusi kama hizo mara nyingi zinakaa kati ya 8 na 60 hivi, kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Hiyo 60 ni kama asilimia 24. Maana yake ukiweka Gradient Map ya kawaida kutoka mwanzo hadi mwisho, nywele zako zinatumia robo ya kwanza tu, na ile dhahabu uliyoiweka mwisho haiguswi na pikseli hata moja. Watu wengi wanafika hapo wanasema kifaa hakifanyi kazi.

Kwa hiyo sogeza rangi zije zilipo pikseli za nywele. Kwenye picha yako ningeanza na giza `#140c08` kwenye 0%, shaba `#6b3218` kwenye 10%, asali `#c98a4b` kwenye 25%. Acha leya kwenye Normal. Ukiiweka Color inachukua rangi bila mwanga, na nywele nyeusi zitabaki nyeusi zenye wekundu wa mbali.

Hapo ndipo WhatsApp inakuumbua. Umechukua ngazi hamsini za giza ukazivuta hadi asali. Vile viboksi vidogo vya JPEG ambavyo gizani havikuonekana vitajitokeza katikati ya nywele kama vigae. Kuza picha hadi 200% pembeni ya shingo utaviona.

Baada ya hapo maski. Hiyo ndiyo inayotengeneza ombre, si Gradient Map. Kwenye maski ya leya hiyo vuta gradienti kutoka nyeusi usawa wa sikio hadi nyeupe chini ya kidevu. Utapata mstari ulionyooka kama rula, kwa hiyo chukua brashi laini, Flow 15% hivi, upandishe nyeupe kidogo na ushushe nyeusi kidogo kufuata nyuzi. Kwa balayaji, jaza maski nyeusi yote kisha chora nyuzi kwa nyeupe kwa brashi nyembamba: ziwe nyingi zinazoizunguka sura, zianze chini ya mizizi kwa urefu usiolingana, na zijae kuelekea ncha.

WanjaSanaa
Kwa Krita hata huhitaji kuklipu. Unaweka nywele kwenye leya yake, bonyeza kulia uongeze Filter Mask, chagua Gradient Map. Inagusa leya hiyo pekee, na mask yenyewe unaipaka kwa brashi vile Mzee amesema. Bure kabisa. Sijui mbona mnalipia vitu.

Chalii_wa_Ngarenaro
Krita ni ya wachoraji, huyu ana picha ya kamera.

WanjaSanaa
Pikseli ni pikseli, bro. Unadhani Krita inajua ni kamera?

Fundi_Mashine
Niwape kisa cha upande wa mashine, maana nyie mnaishia kwenye skrini.

Mteja alileta bango la saluni la mita tatu, limetengenezwa na dizaina wake. Kwenye simu yake, mwanga umepandishwa mwisho, nywele zilikuwa shaba ya kupendeza. Tumeprinti, nywele zimetoka tope. Giza, kahawia isiyo na jina, huioni ombre mpaka usogee pua iguse bango. Mteja akagoma kulipa, akasema wino wetu umekwisha. Tumeprinti kipande tena mbele yake, vile vile. Ndipo nikaomba faili lenye leya.

Kufungua: Gradient Map iko kwenye Color, nywele chini yake nyeusi tii. Yaani mwanga wa nywele haukupanda hata kidogo, kilichobadilika ni rangi ndani ya giza. Simu yenye mwanga mkali inakuonyesha, turubai haikuonyeshi. Na si hilo tu. Dizaina alihamisha leya mahali pengine dakika za mwisho, klipu ikaachia, na Gradient Map ikagusa kila kitu kilichokuwa chini yake. Kitambaa cha begani kilikuwa cheupe kikawa na manjano, hakuna aliyegundua mpaka bango limesimama barabarani. Fedha tuligawana hasara, na dizaina simu yake haikupokelewa tena.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, angalia kale kamshale kadogo kanachoelekea chini pembeni ya leya. Kama hakapo, haijaklipiwa. Na utazame kazi yako mwanga wa skrini ukiwa wa kati.

kisa_posta
Nimepata picha safi, nimejaribu. Katikati inapendeza sana! Ila nimekata nywele kwa Ctrl+J nikaklipu juu yake, sasa ncha za asali zina ukingo mweusi mwembamba kuzunguka ukuta mweupe. Nikipanua uteuzi pikseli mbili, ukingo mweusi unaondoka lakini ukuta unapata kivuli cha asali. Nifanyeje?

Chalii_wa_Ngarenaro
Futa ukingo kwa raba laini.

MzeeWaLeya
Usifute, utapata nywele zilizokatwa kwa mkasi. Ukingo ule mweusi ni nywele za asili zilizo kwenye leya ya chini. Pikseli za pembeni ya kipande chako ni nusu uwazi, kwa hiyo nyeusi ya chini inachungulia.

Panua uteuzi, halafu mwongezee Gradient Map rangi mbili upande wa kulia. Asali ile ile iweke tena kwenye 40% ili mng'ao wa nywele usiharibike, kisha kwenye mwanga wa ukuta wako weka rangi ya ukuta wenyewe, uliyoinyonya kwa Eyedropper. Ukuta ukiwa na mwanga 230, hiyo ni 90%. Sasa pikseli ya ukuta iliyoingia kwenye uteuzi inarudishiwa rangi yake, na ya katikati inapita kutoka asali hadi ukuta bila weusi.

Ujanja huu unafaa ukutani tu. Shingoni na kwenye paji mwanga wa ngozi unaingiliana na wa nywele, huko maski uifanye kwa mkono, nyuzi kwa nyuzi.

kisa_posta
Imekubali pale ukutani! Begani bado nahangaika.

mama_Nasra_saluni
Nimeiona picha uliyoweka. Mwanangu, kutoka nyeusi hadi asali umepitisha kijivu pale katikati. Nywele nyeusi zikibliichiwa hazipiti kijivu. Zinapita wekundu, kisha chungwa, ndipo njano. Mteja yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti changu atajua ni picha ya kompyuta.

MzeeWaLeya
Mama kamaliza. @kisa_posta umeibadilisha ile shaba ya 10%?

kisa_posta
Niliitoa, niliona nyekundu sana. Narudisha.

WanjaSanaa
Lakini swali la kwanza halijajibiwa: Gradient Map au brashi? Mimi bado nasema picha moja, rangi moja, paka kwa brashi tu. Hii yote ni kazi nyingi ya bure.

MzeeWaLeya
Yeye ana rangi kadhaa juu ya maski moja. Akitaka burgandi anabadilisha rangi mbili kwenye Gradient Map na nyuzi zote zinafuata. Wewe wa brashi utaanza upya.

WanjaSanaa
Nitaweka brashi kwenye leya yake nibadilishe Hue. Nini mbaya?

MzeeWaLeya
Kutoka asali kwenda burgandi mwanga unashuka pia. Hue peke yake itakupa pinki.

WanjaSanaa
Hapo tutabishana hadi kesho.

Fundi_Mashine
Na Photopea je? Jamaa aliuliza.

Chalii_wa_Ngarenaro
Baki nayo. Gradient Map ipo, klipu ipo, Curves ipo, faili la PSD inafungua. Ila kwa bango la mita tatu kwenye laptopu yenye RAM ndogo, kivinjari kitakufia mkononi.

Fundi_Mashine
Nani kamwambia afanye kazi kwa ukubwa wa mita tatu? Bango linaonekana kwa mbali. Ulizeni mashine kwanza wanataka dpi ngapi.

kisa_posta
Wakuu mteja kapiga sasa hivi, anataka na picha moja ya rasta. Maski ile ile itafanya kazi?

mama_Nasra_saluni
Mwambie anataka T1B/27 au rangi moja moja? Hiyo T inaanza nyeusi inaishia asali, na ukizisuka mpaka wa rangi haukai usawa mmoja, kila rasta ina wake.

MzeeWaLeya
Basi usivute gradienti moja kichwani kote. Kila rasta ichagulie peke yake, na kila moja ibadilikie mahali pake. Pole na Ijumaa yako.