Mrejesho: alama ya kuingia asilimia 10 bora

Niliuliza: "Wakuu, swali la kwenye picha lina X ~ N(62, 64), mtihani ni wa alama 100. Natafuta alama ya kuingia asilimia 10 bora. Mbona kwa =NORM.INV(0.1,62,64) kwenye Excel napata −20?"

Asanteni sana, limekaa sawa. Ushauri wa kwanza ulikuwa kubadili 0.1 iwe 0.9, kwa sababu fomula huhesabu eneo kuanzia kushoto, na walio chini ya alama hiyo ni asilimia 90. Nikafanya, ikaja 144. Bado haiwezekani.

Aliyesema nitazame tena picha ndiye aliyenitoa. Ile 64 ni varianzi, siyo mkengeuko sanifu. Unachukua kipeuo chake cha pili, yaani 8:

```
=NORM.INV(0.9,62,8)
```

Jibu ni 72.25. Kwa jedwali, 62 + 1.28 × 8 = 72.24, tofauti ya kukadiria tu.

Kilichobaki ni kukadiria. Nilishusha hadi 72, kumbe juu ya 72 wapo asilimia 10.6. Alama zikiwa nzima, weka 73, ingawa hapo wanabaki kama asilimia 8.5.